Damu ya Kuongezewa na Sindano ya Wodini: Hatari Iko Wapi Hasa?

Daktari anapotamka kwamba mgonjwa anahitaji kuongezewa damu, mara nyingi swali la kwanza la jamaa si kwamba damu imepungua kiasi gani, bali kwamba hiyo atakayopewa imetoka kwa nani. Wapo wanaotia saini kwa shingo upande. Wapo wanaokataa mpaka hali ya mgonjwa inapozidi kuwa mbaya. Wapo pia wanaoomba ndugu mmoja atolewe damu papo hapo apewe mgonjwa, kwa hoja kwamba damu ya nyumbani inajulikana. Watumishi wa afya huwa wepesi wa kuiita hofu hii ujinga. Si ujinga. Hofu hii ina historia, na historia yenyewe haiko mbali.

Mwaka 1994 watafiti walifuatilia damu iliyotumika katika hospitali 6 za serikali nchini Kenya. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet, yalikadiria kwamba katika kila mara 100 ambazo wagonjwa waliongezewa damu, takribani mara 2 waliambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU) kwa njia hiyo. La kuzingatia ni kwamba damu hiyo haikutolewa katika zama ambazo kipimo hakikuwapo. Kipimo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mambo ya kawaida yanayokizunguka kipimo: vitendanishi vilivyofika kwa nyakati zisizotabirika, majokofu yasiyotosha, makosa ya kuandika majibu, na kutokuwapo kwa mtu wa nje wa kukagua kazi ya maabara. Mfuko wenye virusi uliweza kumfikia mgonjwa kwa sababu tu namba iliandikwa katika mstari usio wake.

Funzo hilo ndilo lililobadilisha mpangilio wa kazi katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Badala ya kila hospitali kukusanya na kupima damu yake kwa namna yake, kazi hiyo ilianza kuhamishiwa katika vituo vichache vyenye vifaa na wataalamu wa kutosha. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, na miongoni mwa miji yenye vituo vyake vya kanda ni Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Tabora, Mbeya na Mtwara. Anayetaka kujua kama damu atakayopewa ni salama hana budi kufahamu kinachotendeka kati ya mkono wa mchangiaji na mkono wake yeye.

Safari huanza na maswali kabla ya sindano. Mchangiaji huulizwa, faraghani, kuhusu afya yake na mwenendo wake: kama ameugua homa ya ini, kama amekuwa na mwenza mpya, kama amechanjwa chale au kutogwa hivi karibuni, kama anatumia dawa. Hupimwa uzito, msukumo wa damu na wingi wa damu. Akikubaliwa, hutolewa takribani mililita 450 katika mfuko ambao sindano yake imeunganishwa nao tangu kiwandani. Sindano hiyo haiwezi kutumika kwa mtu mwingine, kwa kuwa hukatwa na kutupwa mfuko unapojaa. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kupata maambukizi ya mwenzake kwa kuchangia damu kwa mfuko wa namna hiyo, ingawa wengi bado huogopa.

Pamoja na mfuko, hujazwa vichupa vidogo vya sampuli. Mfuko, vichupa na fomu ya mchangiaji hubandikwa namba moja ileile. Jina halitumiki tena kuanzia hapo, namba ndiyo inayosafiri. Mfuko huwekwa katika jokofu la damu inayosubiri majibu, mbali na damu iliyokwisha kuruhusiwa, na vichupa hupelekwa maabara. Humo damu hupimwa kundi lake, kisha hutafutwa magonjwa 4: VVU, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Mfuko ukionyesha dalili ya ugonjwa mmoja tu kati ya hayo, hauruhusiwi. Huteketezwa, na mwenye damu huitwa apewe ushauri na apimwe upya kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Ni mfuko uliopita katika vipimo vyote vinne tu ndio unaobandikwa lebo ya kuruhusiwa, na kuhamia jokofu jingine lenye nyuzijoto kati ya 2 na 6. Humo damu nzima iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande huweza kukaa hadi siku 35.

Basi hatari iliyobaki inatoka wapi? Inatoka kwanza katika kile ambacho washauri nasaha hukiita kipindi cha mpito, yaani zile siku ambazo mtu amekwisha kuambukizwa lakini kipimo bado hakioni kitu. Hebu ifikiriwe hali hii. Kijana mmoja anaambukizwa VVU Jumapili. Siku 10 baadaye anafika chuoni kwake akakuta wachukuzi wa damu, naye anachangia. Hana homa wala hajisikii vibaya. Kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza baada ya kuvamiwa, huhitaji takribani majuma 3 hadi 4 kabla ya kuwaona. Vipimo vya kisasa zaidi, vinavyotafuta pia protini ya kirusi chenyewe, hupunguza muda huo hadi kiasi cha majuma 2 au 3. Vyovyote vile, siku ya 10 majibu yake yatatoka safi. Mtaalamu wa maabara hakukosea, mashine haikuharibika, lakini mfuko una virusi. Kwa homa ya ini aina ya B na C kipindi hicho huwa kirefu zaidi, na kwa aina ya C kingamwili huweza kuchelewa kwa takribani miezi 2.

Kinachoweza kuuzuia mfuko huo ni lile swali lililoulizwa mwanzoni kuhusu mwenza mpya. Kwa hiyo jibu la mchangiaji ni kipimo cha kwanza, tena ni kipimo pekee kinachofanya kazi katika siku zile ambazo maabara ni kipofu.

Hapa ndipo hoja ya damu ya nyumbani inapopaswa kupimwa upya. Ifikiriwe kwamba kuna mifuko miwili. Wa kwanza umetoka kwa mwalimu ambaye huchangia kila baada ya miezi kadhaa kwa hiari yake. Amekwisha kupimwa mara 6 na kila mara akawa salama, na siku ambayo ana shaka na nafsi yake anaweza kusema leo sichangii, pasiwe na mtu wa kumuuliza kitu. Mfuko wa pili umetoka kwa shemeji wa mgonjwa. Ameitwa usiku, ukoo mzima umesimama barazani, mkewe anamtazama. Je, shemeji huyo ataweza kweli kumwambia muuguzi kwamba mwezi uliopita alikuwa na mwanamke mwingine? Ataogopa kwamba akikataliwa kila mtu atakisia sababu. Atajibu hapana kwa kila swali. Tena damu yake, kwa kuwa inahitajika sasa hivi, huenda ikapimwa kwa vipimo vya haraka na mtu mmoja aliyechoka saa 8 za usiku. Undugu hausafishi damu, na haya ya undugu huweza kuichafua. Hospitali zinapowaomba ndugu kuchangia, mara nyingi ni kwa sababu akiba imekwisha. Si kwa sababu damu yao ni bora.

Jambo la pili ambalo vipimo vile vinne havilioni ni vijidudu vingine. Malaria huweza kupita katika damu, na katika maeneo ambayo watu wengi hubeba vimelea bila kuugua, si rahisi kumkataa kila mwenye vimelea. Kwa hiyo mgonjwa akipata homa siku kadhaa baada ya kuongezewa damu, achunguzwe malaria. Bakteria nao huweza kuingia mfukoni wakati wa kutoa damu na kuzaana mfuko unapokaa nje ya jokofu. Hii ndiyo sababu ya sheria ambayo wauguzi huijua lakini wodi zenye msongamano huivunja mara nyingi: damu ikitoka jokofuni ianze kutumika ndani ya dakika 30, na mfuko uwe umekwisha katika muda usiozidi saa 4. Mfuko uliosahauliwa juu ya kabati tangu asubuhi hauwi salama kwa kurudishwa jokofuni. Wala usichovywe katika maji ya moto ili upate joto upesi, kwani chembe nyekundu hupasuka.

Na jambo la tatu, ambalo wagonjwa hawaliogopi kamwe ilhali wataalamu huliogopa kuliko mengine, ni damu safi kabisa iliyotundikwa kwa mtu asiye mwenyewe. Mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A, mwili wake huishambulia mara moja, na mililita chache tu huweza kuanzisha madhara yanayofikia figo na moyo. Kosa hili halitokei sana maabara. Hutokea kitandani, pale ambapo wapo akina Mwanahamisi wawili katika wodi moja, au pale sampuli mbili zilipochukuliwa kwa pamoja na majina kuandikwa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kutundika, watu wawili wanapaswa kusimama kando ya mgonjwa, wamwombe ataje jina lake mwenyewe, kisha walinganishe jina, namba ya hospitali, kundi la damu, namba ya mfuko na tarehe ya mwisho. Kumwuliza “Wewe ni Mwanahamisi?” hakutoshi, maana mgonjwa aliyechoka huitikia ndiyo kwa kila jina. Dakika 15 za mwanzo muuguzi awe karibu. Mgonjwa akihisi baridi kali, maumivu ya kiuno, kifua kubana au kuwashwa mwili, aseme papo hapo bila kuona haya. Damu husimamishwa kwanza, maswali hufuata.

Kuna swali moja ambalo mgonjwa ana haki kamili ya kuliuliza kabla ya yote hayo, nalo ni kama damu ni ya lazima. Jibu hutofautiana sana. Mtoto mwenye malaria kali ambaye wingi wa damu umeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita huweza kufariki katika saa chache. Kwa huyo, hatari ndogo iliyobaki mfukoni haiwezi kulinganishwa na hatari iliyo mbele yake. Mtu mzima mwenye gramu 9, anayetembea na kula, ambaye havuji damu, kwa kawaida anahitaji kutafutiwa chanzo na kupewa dawa za kuongeza damu, wala si mfuko. Daktari aliyeulizwa hivyo hana sababu ya kukasirika, kwa kuwa ndivyo anavyopaswa kujiuliza mwenyewe.

Mfuko wa damu, pamoja na hofu yote inayouzunguka, umepimwa, umeandikwa, na umekaguliwa na watu wengi. Sindano haikupata bahati hiyo. Watu wengi huongezewa damu mara moja maishani au wasiongezewe kamwe, ila sindano huchomwa mwaka hadi mwaka, hospitalini, zahanati, na hata vyumba vya uani vya watu wasio na leseni. Hakuna maabara inayoipima sindano kabla haijaingia mwilini. Usalama wake hutegemea mkono wa mtu mmoja na macho ya mwenye kuchomwa.

Tukio linalokumbukwa zaidi barani Afrika lilitokea mwaka 1976 katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, bomba lilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola ulipoingia humo, sindano ndizo zilizousambaza kwanza, wakiwamo wajawazito waliofika kliniki. Watu 318 waliugua katika mlipuko huo na 280 walifariki, na hospitali ikafungwa kwa kuwa wahudumu wake wengi walikuwa wamekufa. Ebola ilijitangaza kwa siku chache. Homa ya ini na VVU, vikipita katika mabomba kama hayo, havijitangazi. Aliyeambukizwa hugundua baada ya miaka, asikumbuke tena ile sindano.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo yalikwisha pindi mabomba ya plastiki ya kutumia mara moja yalipoenea. Hata hivyo, tukio la pili, lililogunduliwa mwanzoni mwa mwaka 2008 katika mji wa Las Vegas nchini Marekani, linaonyesha jinsi maambukizi yanavyoweza kupita hata pale ambapo kila mgonjwa amefunguliwa sindano mpya. Ni vyema kulifuata hatua kwa hatua, kwa sababu kosa lenyewe hutendeka kimyakimya katika vyumba vingi vya upasuaji mdogo na vya meno, kokote duniani.

Katika kliniki hiyo wagonjwa walichunguzwa matumbo kwa kamera, na kabla ya uchunguzi walilazwa usingizi kwa dawa iitwayo propofoli. Mgonjwa wa kwanza, ambaye alikuwa na homa ya ini aina ya C, alichomwa kwa bomba jipya na sindano mpya. Usingizi wake haukutosha. Mhudumu akaondoa ile sindano, akaweka nyingine mpya juu ya bomba lilelile, akachovya tena katika kichupa na kuvuta dawa ya nyongeza. Alidhani kwamba uchafu huwa kwenye ncha tu. Lakini dawa inapoingia mwilini na sindano kuchomolewa, kiasi kidogo cha damu kisichoonekana kwa macho hurudi ndani ya bomba. Bomba lile lilipochovya kichupani, virusi viliingia kichupani. Dawa iliyobaki haikutupwa, ingawa kichupa kilikusudiwa mgonjwa mmoja tu. Mgonjwa wa pili akafunguliwa bomba jipya na sindano mpya, mbele ya macho yake, na dawa ikavutwa kutoka katika kichupa kile. Naye akaambukizwa. Ugonjwa ulipofuatiliwa hadi kwenye kliniki hiyo, zaidi ya watu 40,000 waliowahi kutibiwa hapo waliandikiwa barua kwenda kupimwa.

Katika tukio hilo mna mambo mawili ambayo kila muuguzi na kila mgonjwa anaweza kuyabeba. Bomba na sindano ni kitu kimoja: kubadilisha ncha na kubakiza bomba ni sawa na kutobadilisha chochote. Na kichupa cha dawa nacho ni sehemu ya sindano. Katika zahanati nyingi, kichupa cha lignokeini ya kutia ganzi au cha maji ya kuchanganyia dawa huhudumia wagonjwa kadhaa kwa siku. Hilo lenyewe si kosa iwapo kichupa kimetengenezwa kwa matumizi mengi na kila anayekichovya hutumia bomba jipya na sindano mpya. Dalili ya hatari ni ile inayoonekana hata kutoka benchi la wagonjwa: sindano moja iliyoachwa imechomekwa juu ya kizibo cha mpira, ikisubiri kila mwenye bomba aje avutie dawa kupitia kwayo. Akiiona hiyo, mgonjwa ana haki ya kuomba kichupa kingine.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mgonjwa yu mgonjwa, muuguzi amechoka, na katika desturi za wengi kumhoji mtaalamu huonekana ni utovu wa adabu. Lakini ombi huweza kusemwa kwa heshima na bado likawa ombi lisilokwepeka. “Samahani dada, naomba ufungue bomba jipya hapa nikiona.” Sentensi hiyo haimtuhumu mtu, na muuguzi mwenye bomba jipya hapotezi kitu kwa kuifuata. Kisha mgonjwa atazame: pakiti iwe haijachanika wala kulowa, na tarehe ya mwisho iwe haijapita. Kama dawa imekwisha kuvutwa na trei imeletwa ikiwa na mabomba kadhaa yaliyojazwa, anaweza kuuliza: “Hii ni ya nani, na ni dawa gani?” Hapo si maambukizi tu yanayoepukwa, bali pia dawa ya jirani.

Kwa upande wa watoto, kazi ya mzazi ni nyepesi zaidi. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe. Bomba la aina hiyo likisukumwa mara moja hadi mwisho, kijiti chake hukwama au hukatika, lisiweze kuvuta tena. Mzazi aliyepo kliniki anaweza kuliona likitoka pakitini, likitumika, na kutupwa likiwa zima katika kisanduku kigumu cha kutupia sindano, bila kurudishiwa kofia. Sindano nyingi, hata hivyo, si za chanjo bali za matibabu, na kwa hizo mabomba ya kawaida bado yanatumika sana, nayo hayamzuii mtu kuyarudia.

Kisanduku hicho kinasema mengi kuhusu chumba. Kikiwa karibu na mkono wa mchomaji, kabla hakijajaa zaidi ya robo tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi inafanywa kwa utaratibu. Sindano zikionekana ndani ya beseni lenye maji, au zimelazwa juu ya pamba mezani, mgonjwa asichomwe hapo, hata kama ameambiwa kwamba zimechemshwa. Vivyo hivyo kwa kijisindano cha kutobolea kidole wakati wa kupima sukari: kila mtu na chake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai juu ya kifaa kikavu kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kukosekana kwa damu inayoonekana si ushahidi wa usafi.

Muuguzi akikasirika kwa kuulizwa, mgonjwa asibishane juu ya kitanda. Amwombe msimamizi wa wodi au mganga mfawidhi. Kama mgonjwa ni mzito au ni mtoto, ndugu aliyekuja naye ndiye aulize. Kwa watumishi wa afya, njia fupi ya kuepuka mgongano huo ni kufungua pakiti mbele ya mgonjwa kabla hajaomba, kwa maneno machache: “Mama, hili ni bomba jipya, nalifungua.” Wodi iliyozoea hivyo haina haja ya mgonjwa jasiri. Na pale mabomba yanapokwisha stoo, ukweli uandikwe na kupelekwa ngazi ya juu. Muuguzi anayeyarudia mabomba ili siku ipite huwa ameuficha upungufu huo kwa wale wenye uwezo wa kuuondoa.

Swali lililo bora kuliko yote kuhusu sindano hulingana na lile la damu: je, hakuna vidonge vya kazi hiyo? Wagonjwa wengi huamini kwamba dawa ya sindano ina nguvu zaidi, na baadhi ya watoa huduma huchoma kwa sababu mgonjwa asiyechomwa huona hakutibiwa. Kwa mafua, maumivu ya mwili au malaria isiyo kali, vidonge hutosha kwa anayeweza kumeza. Huko Tanzania, maduka ya dawa muhimu si mahali pa kuchomewa sindano, hata kama muuzaji ni jirani na mkono wake unasifiwa mtaa mzima.

Ikitokea kwamba mtu amekwisha kuchomwa na sindano ya shaka, au muuguzi amejichoma kwa bahati mbaya akiwa kazini, saa ndizo zinazohesabiwa. Mahali palipochomwa paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, pasikamuliwe wala kupakwa spiriti kali. Kwa mtumishi aliyejichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa hutofautiana sana: kwa VVU ni takribani 3 katika kila matukio 1,000, kwa homa ya ini aina ya C ni takribani 2 hadi 3 katika kila 100, na kwa aina ya B, iwapo hakuchanjwa, huweza kufika 30 katika kila 100. Wengi huogopa kwa mpangilio ulio kinyume cha huo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, kisha zinywewe kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, inayoweza kuanzwa hata baada ya tukio. Nchini Tanzania watoto walianza kupewa chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, kwa hiyo wauguzi na madaktari wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo mpaka waitafute wenyewe, dozi 3 katika kipindi cha miezi 6.

Aliyepatwa na tukio hupimwa siku hiyohiyo, ili ijulikane alikuwa katika hali gani kabla, kisha hupimwa tena baada ya majuma 6 na baada ya miezi 3. Majibu safi ya siku ya kwanza hayasemi lolote kuhusu sindano ile, kwa sababu yumo katika kipindi cha mpito kilekile kinachomsumbua mtaalamu wa damu. Katika miezi hiyo atumie kondomu, na wachukuzi wa damu wakifika kazini kwake au kanisani au msikitini, asiingie katika foleni.